Hajafika au hakufika? Kuchagua kati ya "has come" na "came"

*"Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Nipo kidato cha nne, Chake Chake. Kwenye jaribio la sarufi nilijaza 'Fatma has gone to Unguja last week' nikakosa. Chini yake nikajaza 'I live in Chake since 2012' nikakosa tena. Sisi tumefundishwa kuwa -me- ni 'have' na -li- ni wakati uliopita, na mimi ndivyo nifanyavyo: natafsiri kichwani kwanza, halafu najaza. Rafiki yangu hatafsiri, yeye anatafuta maneno kama 'for', 'just' na 'today', naye anakosa vilevile. Mtihani umekaribia. Nishike njia ipi?"*

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Shika njia yako ya kutafsiri, ila igeuze kidogo. Usitafsiri sentensi ya kukubali, tafsiri ile ya kukanusha. Kabla ya kujaza nafasi, jiulize kama kwa Kiswahili ungekanusha kwa "hajafika" au kwa "hakufika". Ukipata "haja-", jaza "has" au "have". Ukipata "haku-", jaza wakati uliopita. Njia hii ina mipaka yake, na sentensi yako ya pili imeangukia hasa kwenye mpaka mmojawapo, kwa hiyo usikimbilie kuitumia kabla hujasoma mpaka chini.

Kwanza uone kwa nini -me- inakudanganya. Kiswahili chetu hakina ugomvi wowote na "amekwenda wiki iliyopita". Fungua redio usikilize taarifa ya habari: "Waziri ameyasema hayo jana wakati akifungua mkutano." Tunayasikia hayo kila siku na hakuna anayeshtuka. Nenda bandarini Mkoani, mgeni akishuka kwenye boti utasikia, "Umefika lini?" naye atajibu, "Nimefika juzi." Mtu akiulizwa kwao wapi atakwambia, "Nimezaliwa Wete." Zote hizo ni -me-, na zote kwa Kiingereza ni wakati uliopita: "The minister said", "When did you arrive?", "I arrived two days ago", "I was born in Wete". Aliyeandika "When have you arrived?" hakukosa kwa uvivu. Ametafsiri Kiswahili kizuri kabisa, na Kiingereza kikakataa.

Sababu ni kwamba -me- inatwambia jambo limekamilika, na inatosheka na hapo. Limekamilika lini, si shughuli yake. "Have" ya Kiingereza inajali sana. Tazama jinsi umbo lenyewe lilivyoundwa: "has gone" ina maneno mawili, na linalobeba wakati ni lile la mbele, "has". Sasa "has" ni wakati gani? Ni wakati uliopo, kama ilivyo katika "Fatma has a bicycle". Hiyo "gone" inayofuata haina wakati wake peke yake. Ndiyo maana wanasarufi wakauita huu wakati uliopo timilifu: uliopo, kwa sababu mguu wake umekanyaga sasa. Ukiuwekea "last week" pembeni, unalitaka neno la wiki iliyopita likae na kitenzi cha leo. Halikai. Ni kama kamba ambayo ncha moja iko huko nyuma na ncha nyingine umeishika mkononi. Ukisema "last week" umeikata, na kamba iliyokatika kwa Kiingereza ni "went".

Kwa nini basi kukanusha kunatusaidia? Kwa sababu Kiswahili, ambacho kwenye kukubali hakibagui, kwenye kukanusha kinabagua vikali. "Amefika jana" tunasema. "Hajafika jana" nani anasema? Hata mtoto wa chekechea atakwambia "hakufika jana". Ile -ja- ina maana ya "mpaka sasa", nayo haikubali kukaa na jana kama vile "has" isivyokubali. Kwa hiyo kipimo unacho mdomoni tangu utotoni, ila ulikuwa unakitafuta upande usio wake. Jaribu na "Nimezaliwa Wete". Ikanushe: "Sikuzaliwa Wete." Ukisema "Sijazaliwa Wete" watu watacheka, maana yake bado uko tumboni. Hapo hapo umeshajua kwamba Kiingereza ni "was born", si "have been born".

Turudi kwa Fatma. "Fatma ... to Unguja last week." Kanusha: "Fatma hakwenda Unguja wiki iliyopita." Ni -ku-, basi jibu ni "went". Sasa tuondoe maneno ya mwisho na tubadilishe kidogo: "Fatma isn't here. She ... to Unguja." Kanusha: "Hajakwenda Unguja." Ni -ja-, basi "has gone". Mtu ni yuleyule na safari ni ileile, pengine hata siku ni ileile. Kilichobadilika ni kama msemaji ameitaja siku, au anakueleza hali ya mambo ilivyo sasa.

Na hapa niliondoe kosa moja ninalolikuta kwenye madaftari mengi, kwamba "have" ni ya mambo ya karibuni na wakati uliopita ni wa mambo ya zamani. Si kweli. "The boat left one minute ago" ni dakika moja tu, na bado ni wakati uliopita, kwa sababu "one minute ago" imekata. "People have lived on Pemba for more than a thousand years" ni zaidi ya miaka elfu, na ni "have", kwa sababu watu bado wapo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Unaweza kuyasema hayo kwa njia mbili na zote ni sahihi: "UNESCO listed Stone Town in 2000", au "Stone Town has been a World Heritage Site since 2000". Mwaka ni mmoja. Sentensi ya kwanza inasimulia tendo lililofanyika mwaka huo likaisha, na ya pili inasema hali iliyoanza mwaka huo na haijaondoka.

Wapo pia wanaofundisha kwamba "have" hutumika pale matokeo yanapoonekana mpaka sasa. Hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Umepoteza ufunguo jana na mpaka leo hujauona. Matokeo yapo, umekaa barazani unasubiri mtu aje na ufunguo mwingine. Lakini sentensi ikiwa na "yesterday" utaandika "I lost my key yesterday", na ukiandika "have lost" utakosa. Neno la wakati uliokatika lina nguvu kuliko matokeo.

Sasa tuje kwenye mipaka. Wa kwanza ni huu uliokukosesha sentensi ya pili. "I live in Chake since 2012" umeitoa kwenye "Naishi Chake tangu 2012". Hapo Kiswahili hakitumii -me- wala -li-, kinatumia wakati uliopo: naishi, nasoma, nafanya kazi. Ukikanusha utapata "siishi", na kipimo changu hakitakwambia kitu. Kwa hiyo "tangu" iwekee kanuni yake peke yake: hali iliyoanza nyuma na ingalipo, Kiswahili huisema kwa wakati uliopo, Kiingereza huisema kwa "have". "Naishi Chake tangu 2012" ni "I have lived in Chake since 2012". "Nasoma skuli hii tangu kidato cha kwanza" ni "I have studied at this school since Form One", na ukiandika "have been studying" ni sahihi pia, pengine ndiyo wanayoipenda zaidi Waingereza wenyewe. Ukiona "since" yenye maana ya "tangu", kitenzi kikuu karibu kila mara ni cha "have". Kile kinachofuata baada ya "since", kikiwa kinataja tukio lililoanzisha hali hiyo, huwa wakati uliopita. Mfano wake utauona mbele.

Rafiki yako ameumizwa zaidi na "for". Kakariri kwamba "for" ni ndugu wa "since", basi kila akiiona anajaza "have". "For" inapima urefu tu, haisemi kama jambo bado linaendelea. Chukua watu wawili unaowajua. Dk Ali Mohamed Shein aliongoza Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020: "Dr Shein was President of Zanzibar for ten years." Dk Hussein Mwinyi ameshika baada yake: "Dr Mwinyi has been President of Zanzibar since 2020", na ukitaka kutumia "for" utaandika "has been President for several years". "For" ile ile, nyakati mbili. Swali la kujiuliza ni moja tu: bado yupo hapo au ameshatoka? Mtunga mtihani anayejua kazi yake hukuachia alama ndani ya sentensi. Ukiona "Juma ... in Wete for ten years, and then he moved to Chake", hiyo "then he moved" ndiyo jibu lenyewe. Ukiona "and he still has a shop there", jibu ni jingine.

"Today", "this morning", "this week" nazo hazina upande. Hapa kipimo cha kukanusha kinafanya kazi vizuri sana. Saa nne za asubuhi ukiulizwa kama umekunywa chai utasema, "Sijanywa", maana asubuhi bado ipo na unaweza kunywa. Saa kumi za jioni ukiulizwa kuhusu asubuhi hiyo hiyo utasema, "Asubuhi sikunywa." Kiingereza ni hivyo hivyo: kwanza "I haven't had tea this morning", baadaye "I didn't have tea this morning". Kwenye karatasi, tafuta saa. Mara nyingi huandikwa mwanzoni, "It's ten a.m." au "It's evening now", na wanafunzi huipita kwa haraka wakidhani ni pambo.

Mpaka wa pili ni vitenzi vya hali. Watoto wamelala, bibi amekaa mkekani, mwalimu amevaa kanzu, nimechoka, nimeelewa. Kiswahili kinatumia -me- kwa sababu mtu ameingia katika hali hiyo, na sasa yumo ndani yake. Kiingereza hapa hakitaki "have" wala wakati uliopita, kinataka wakati uliopo: "The children are asleep", "Grandmother is sitting on the mat", "The teacher is wearing a kanzu", "I am tired", "I understand". Kwenye maswali ya kuchagua jambo hili halitokei sana. Kwenye insha linatokea, na "The teacher has worn a white kanzu" nimeisahihisha mara nyingi mno. Kabla hujakanusha, uliza: huyu anafanya tendo au yumo katika hali? Kama yumo katika hali, kipimo hakihusiki.

Mpaka wa tatu ni wa watu waliokwisha kufariki, na hapa Kiswahili cha mitaani hakikusaidii. Mtu anaweza kusema "Sijawahi kumwona Bi Kidude jukwaani", na sisi tutamwelewa bila taabu, ingawa Bi Kidude alifariki mwaka 2013. Kiingereza kingependa "I never saw Bi Kidude on stage", na kumuuliza mwenzako ni "Did you ever see Bi Kidude on stage?" Nafasi ya kumwona imefungwa. Ukimzungumzia mwimbaji aliye hai, nafasi ipo, na utauliza "Have you ever seen her on stage?" Vivyo hivyo ukitaja aliyoyafanya marehemu: "Bi Kidude sang in many countries", si "has sung". Unaona basi kwamba "ever" na "never" hazikulazimishi "have", kinyume na alivyokariri rafiki yako.

Sasa tufanye zoezi moja pamoja, polepole. Hili nimelitunga kwa mfano wa yale yanayotoka kwenye karatasi. Salma amekuja Chake kumtembelea shangazi yake, na Asha anamkuta barazani:

Asha: Salma! When ... you ... (arrive)?
Salma: I ... (come) on the morning boat. I ... (be) here since ten o'clock.
Asha: ... you ... (see) your aunt yet?
Salma: No. She ... (go) to Wete on Tuesday and she ... (not come) back.
Asha: So who ... (open) the door for you?
Salma: Her neighbour. She ... (keep) the key since my uncle ... (die).

Nafasi ya kwanza ina "when". Kiswahili kinakuvuta kwenye "umefika lini", lakini swali la "lini" linaomba siku au saa, na jibu lake lolote litakuwa la wakati uliokatika. "When did you arrive?" Sioni haja ya kukanusha hapo. "When" ya kuuliza tendo lililokwisha kufanyika haikai na "have".

Ya pili, "on the morning boat", imetaja boti ya asubuhi. Jaribu kukanusha: "Sikuja na boti ya asubuhi." Ungeweza kusema "sijaja na boti ya asubuhi"? Hapana. "I came." Ya tatu ina "since", na Salma bado yupo hapo barazani: "I have been here since ten o'clock." Angalia kwamba Kiswahili ni "nipo hapa tangu saa nne", wakati uliopo mtupu. Ni mtego uleule wa Chake 2012.

Ya nne: "Hujamwona shangazi yako?" Ni -ja-, na "yet" ni hiyo hiyo -ja- kwa vazi la Kiingereza. "Have you seen your aunt yet?"

Ya tano na ya sita zimo ndani ya sentensi moja, na hapo wengi huharibu kwa kudhani sentensi moja lazima iwe na wakati mmoja. Shangazi alikwenda Wete Jumanne: siku imetajwa, "went". Kurudi je? "Hajarudi." Kamba ya pili ncha yake iko mkononi, maana tunamsubiri: "she has not come back". Nyakati mbili zinakaa pamoja kwa amani.

Ya saba ndiyo ngumu kuliko zote. "So who ... the door for you?" Hakuna "yesterday", hakuna "ago", hakuna neno lolote la wakati. Kwa kwetu Asha angesema "Nani kakufungulia?" na hiyo "kakufungulia" ni "amekufungulia", kwa hiyo mkono unataka kuandika "has opened". Jibu ni "opened". Wote wawili wanajua kwamba mlango ulifunguliwa, na wanajua ni wakati gani, pale Salma alipofika. Asha haulizi kama mlango umefunguliwa au la. Anauliza nani, katika tukio ambalo tayari limeshajulikana. Tukio likishajulikana, ukaingia kwenye nani, wapi, vipi na kwa bei gani, Kiingereza huhamia wakati uliopita hata pasipo neno la wakati. "I like your kanga. Where did you buy it?" Ungeuliza "Where have you bought it?" ungekosa, ijapokuwa kanga unaiona mbele yako.

Ya nane na ya tisa: jirani anakaa na ufunguo tangu mjomba alipofariki. Anao mpaka leo, basi "has kept". Kufariki kulikuwa siku moja, kukaisha, na ndiko kulikoanzisha hali hiyo: "died". "She has kept the key since my uncle died." Mfano niliokuahidi ni huo.

Hili la kuhamia wakati uliopita litakufaa hasa kwenye insha, labda kuliko kwenye maswali ya kujaza. Waingereza hufungua habari kwa "have" na kuisimulia kwa wakati uliopita. "I have been to Kidike. We went there with our biology teacher and saw hundreds of flying foxes in the trees." Sentensi ya kwanza inatoa habari, kwamba jambo hilo limo katika maisha yangu. Kuanzia ya pili tumeshaingia ndani ya siku yenyewe, na hatutoki tena: "went", "saw", "took", "came back". Mwanafunzi anayeandika "We have gone there with our teacher and we have seen" kwenye aya nzima anamfanya msomaji ahisi kila tendo ni habari mpya. Na kwa kuwa nimeandika "have been to Kidike", liangalie na hilo. "She has been to Kidike" amekwenda na amerudi. "She has gone to Kidike" amekwenda na hayupo. Kwetu zote ni "amekwenda Kidike", mpaka uulize zaidi.

Kuhusu "just", "already" na "yet", huenda umesikia watalii au filamu wakisema "Did you eat yet?" na "I already ate". Hiyo ni desturi ya Marekani, na kwao si kosa. Mitihani yetu inafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye karatasi andika "Have you eaten yet?" na "I have already eaten". Hapa lugha ya nyumbani inakubeba: "Ushakula?" na "Nshakula" zina ile -sha-, na -sha- ya namna hii karibu kila mara inakupeleka kwenye "have already".

Lililobaki ni kujua kosa lako ni la aina gani, kwa sababu si kila kosa la mahali hapa ni la kuchagua wakati. Chukua majaribio yako ya nyuma, upitie kila sentensi uliyokosa kwenye sehemu hii, na pembeni andika "uchaguzi" au "umbo". Ukiandika "has gone" palipotakiwa "went", hilo ni la uchaguzi, na barua hii ni yako. Ukiandika "has went", "have came" au "I have ate", umechagua wakati sawasawa ukakosea umbo la kitenzi, na hapo kukanusha hakutakusaidia hata kidogo. Dawa yake ni kukaa na orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, "go, went, gone", "come, came, come", vichache kila usiku, ukiandika sentensi kamili kwa kila umbo. Waliokosa kwa umbo nimewaona wakisoma kanuni za uchaguzi wiki nzima na alama zisipande.

Ukishazigawa, usibaki na barua peke yake. Andika ukurasa mmoja wa insha, jambo lolote lililokutokea skuli au nyumbani, umpelekee mwalimu wako wa Kiingereza umwombe apige mstari chini ya vitenzi tu, asisahihishe. Kaa naye, na kwa kila mstari umweleze kwa mdomo kwa nini ulichagua hivyo. Mimi kutoka huku naona jibu ulilojaza, sisikii ulivyofikiri. Ukisema "nimeweka have kwa sababu nimeona for", atajua pa kukushika. Na kama makosa yako mengi ni ya "since" na ya vitenzi vya hali, hilo mwambie mapema, kwa sababu kwenye hayo mawili kukanusha hakukupi jibu na utahitaji mifano mingi ya kusikia kwa masikio, si ya kusoma tu.

Rafiki yako naye mpe zoezi la Salma kabla hajaona majibu. Mtazame atakavyojaza nafasi ya saba. Akijaza "has opened", msomee tena kile nilichosema kuhusu kanga.